Kano ya kidole iliyokatwa na kisu cha sangara: kutoka zoni ya 2 hadi wiki ya 12

Mpasuaji wa sangara humkamata samaki kwa mkono wa kushoto na kushika kisu kwa mkono wa kulia. Samaki anateleza, kisu cha minofu ni chembamba na kikali, na kikichomoka kwenye mgongo wa samaki ghafla kinamalizikia kwenye vidole vilivyokuwa vimejikunja kumshika. Ndiyo sababu majeraha mengi ya kano tunayopokea Mwanza, kutoka Mwaloni Kirumba hadi visiwani, yako upande wa kiganja wa mkono wa kushoto, kati ya mstari wa mbele wa kiganja na katikati ya kidole. Kidonda chenyewe mara nyingi hakizidi sentimita mbili. Kinashonwa ngozi, kinafungwa, mtu anarudi nyumbani, na wiki tatu baadaye anagundua kwamba kidole hakikunjiki.

Nawaandikia madaktari, matabibu, wauguzi na wataalamu wa fiziotherapia wanaompokea mgonjwa huyu, na yeyote anayetaka kuelewa kwa nini tunamwambia aanze kukitembeza kidole siku chache tu baada ya kushonwa. Nitamfuata mgonjwa mmoja mwanzo hadi mwisho: kijana wa miaka 27 kutoka Ukerewe, mpasuaji wa sangara, aliyekatwa kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Aliposhonwa ngozi kwenye kituo cha jirani hakuna aliyemwambia akunje kidole. Alitufikia siku ya nne.

Zoni tano, na kwa nini ya 2 ina sheria zake

Kila kidole, ukiacha gumba, kina kano mbili za kukikunja. Kano ya ndani inafika hadi mfupa wa mwisho na kukunja kiungo cha ncha. Kano ya juu inaishia kwenye mfupa wa kati na kukunja kiungo cha kati. Kabla ya kufika mwisho wake, kano ya juu inagawanyika matawi mawili, na kano ya ndani inapita katikati ya matawi hayo.

Tunagawa mkono katika zoni tano kwa sababu kila zoni ina matatizo yake. Zoni ya 1 iko mbele ya mahali kano ya juu inapoishia. Hapo kinachokatika ni kano ya ndani peke yake. Ikiwa kipande kilichobaki upande wa ncha ni kifupi kuliko sentimita moja, hakuna pa kushikisha uzi vizuri, kwa hiyo kano inafungwa moja kwa moja kwenye mfupa. Zoni ya 3 ni kiganja chenyewe, zoni ya 4 ni ndani ya njia ya kifundo cha mkono, na zoni ya 5 ni kuanzia kifundo kwenda juu. Kwenye zoni ya 5, hasa kwa jeraha la panga au kioo, hesabu kila kitu: kano, mishipa miwili mikubwa ya fahamu na ateri mbili. Kano za pale hupona vizuri kiasi, na mara nyingi ni mishipa ya fahamu inayoamua mkono utafaa kwa kazi gani.

Zoni ya 2 inaanzia kwenye mstari wa mbele wa kiganja na kuishia katikati ya mfupa wa kati wa kidole. Hapa kano zote mbili zimebanana ndani ya ala moja nyembamba, na ala hiyo imeshikiliwa kwenye mfupa na pete ngumu, kama mshipi unavyopita kwenye pete za fimbo ya kuvulia. Pete mbili ndizo kubwa: A2 juu ya mfupa wa kwanza wa kidole, na A4 juu ya mfupa wa kati. Zikipotea zote, kano inanyanyuka kutoka kwenye mfupa na nguvu ya kukunja inapotea. Lakini ubanaji huohuo ndio unaoleta shida. Kano iliyoshonwa inavimba kidogo, inakwaruzana na pete, na kovu linaiunganisha na ala. Kwa miongo mingi madaktari wa upasuaji walikatazwa kushona kano hapa siku za mwanzo. Walifunga ngozi na kusubiri kupandikiza kano nyingine baadaye. Mambo yalianza kugeuka mwaka 1967, Harold Kleinert na wenzake wa Louisville, Marekani, walipoonyesha kwamba kano za zoni hii zikishonwa mapema na kidole kikatembezwa kwa mpango, matokeo huwa mazuri.

Funzo la kazi yao ndilo msingi wa yote yanayofuata: ushonaji na mazoezi ni tiba moja. Kano iliyoshonwa kwa uzi dhaifu haiwezi kutembezwa, na kano iliyoshonwa vizuri sana kisha ikatulizwa wiki sita itaganda.

Hatua ya 1: pima kabla ya ganzi

Anza kwa kuangalia tu. Mwambie mgonjwa aulaze mkono mezani, kiganja juu, bila kukaza. Vidole vya mkono mzima hujikunja vyenyewe kwa mpangilio, cha mwisho kikizidi cha shahada. Kidole kilicholala kimenyooka peke yake katikati ya wenzake kimekatika kano zote mbili. Kisha chukua kifundo cha mkono, ukikunje taratibu kwenda nyuma. Vidole vinatakiwa kujikunja vyenyewe. Kisichofuata kimepoteza kano. Kipimo hiki hakihitaji mgonjwa akaze msuli, kwa hiyo kinafaa hata kwa mtoto anayelia na kwa aliyelewa.

Sasa pima kano moja moja. Shika mfupa wa kati wa kidole usisogee, umwambie akunje ncha: hiyo ni kano ya ndani. Kwa kano ya juu, vishike vidole vingine vyote vimenyooka, halafu mwambie akunje hicho kimoja; kiungo cha kati kikikunjika na ncha ikabaki legelege, kano ya juu ni nzima. Kumbuka kwamba kidole cha mwisho cha baadhi ya watu hakikunji peke yake tangu kuzaliwa, kwa hiyo linganisha na mkono wa pili. Kidole kinachokunja kwa maumivu na bila nguvu huenda kimekatika nusu.

Halafu hisia. Gusa ubavu mmoja wa kidole, kisha wa pili, ukimuuliza kama anahisi sawa na kidole cha jirani. Mshipa wa fahamu unapita kila ubavu karibu kabisa na kano, na kisu kilichofika kwenye kano mara nyingi kimeupitia. Fanya hivyo kabla ya sindano yoyote ya ganzi, na uandike. Ukichoma ganzi kwanza, habari hiyo hutaipata tena mpaka ufungue kidole. Mwisho, bonyeza ncha uone damu inavyorudi.

Kijana wetu alikuwa na kovu bichi katikati ya mfupa wa kwanza wa kidole cha pete. Kidole kilikuwa kimelala kimenyooka. Kano zote mbili hazikufanya kazi, na ubavu unaotazamana na kidole cha mwisho ulikuwa umekufa ganzi. Damu ilirudi haraka. Hiyo ni zoni ya 2 kamili pamoja na mshipa mmoja wa fahamu.

Hatua ya 2: siku za kwanza

Kano haihitaji kushonwa usiku uleule. Jeraha safi likishonwa ndani ya wiki moja matokeo ni mazuri, na hata siku ya kumi bado inawezekana bila taabu kubwa. Kadiri wiki zinavyopita baada ya hapo, ncha ya juu inajivuta kuelekea kiganjani, msuli unafupika na ala inajifunga. Kwa hiyo kituo kisicho na uwezo wa kushona kano kina kazi nne tu: kuosha jeraha kwa maji mengi safi, kufunga ngozi kwa nyuzi chache, kukinga pepopunda, na kufunga mkono kwenye banzi vidole vikiwa vimekunjwa kidogo, kisha kumpa rufaa. Kuchomeka koleo ndani ya kidonda kutafuta kano ni kuharibu ala ambayo mwenzako atahitaji.

Jeraha la samaki lina jambo lake. Maji ya ziwa na ute wa samaki hubeba bakteria wa aina ya Aeromonas, ambao hawasikii ampisilini. Wakiingia kwenye ala, dalili ni nne: kidole kizima kimevimba kama soseji, kimejikunja, kinauma ukikibonyeza kufuata mstari wa kano, na kinauma sana ukijaribu kukinyoosha. Ukiona hivyo, usishone kano. Ala inafunguliwa na kuoshwa kwanza, na dawa kama siprofloksasini au seftriaksoni inaanzishwa. Kidole kinachovimba polepole wiki kadhaa baada ya kuchomwa na mwiba wa samaki, bila usaha wala homa, kinaweza kuwa na ndugu wa kifua kikuu anayeishi majini, Mycobacterium marinum. Huyo anahitaji kipande cha nyama kipelekwe maabara na dawa za miezi.

Kijana alikuwa hana dalili yoyote ya maambukizi. Tulimpanga siku ya sita.

Hatua ya 3: ganzi inayomwacha mgonjwa akunje kidole

Mimi napendelea kushona kano mgonjwa akiwa macho, bila mpira wa kubana mkono, kwa lignokeini iliyochanganywa na adrenalini. Inawezekana kwenye chumba cha upasuaji kidogo kisicho na mashine ya usingizi, lakini faida yake kubwa ni kwamba mgonjwa anaweza kuijaribu kano yake kabla hujafunga ngozi.

Lignokeini tunayopata zaidi ni ya asilimia 2. Chukua mililita 10, ongeza mililita 10 za maji ya chumvi na mililita 0.2 za adrenalini ya chupa ya 1:1000. Umepata mililita 20 za lignokeini ya asilimia 1 yenye adrenalini 1:100,000. Ukiwa na sodiamu baikaboneti ya asilimia 8.4, mililita 2 zitapunguza mwasho wa sindano. Kiwango cha juu ni miligramu 7 kwa kila kilo ya mwili, na mililita moja ya mchanganyiko huu ina takriban miligramu 10. Mtu wa kilo 60 hapaswi kuzidi mililita 42. Choma mililita 10 hivi kiganjani chini ya kidole, kisha 2 juu ya mfupa wa kwanza na 2 juu ya mfupa wa kati, chini ya ngozi tu, bila kuingia kwenye ala.

Halafu subiri nusu saa. Wengi wanakata baada ya dakika tano, damu inajaa, wanaamini njia hii haifai. Hofu ya adrenalini kuua kidole haikuthibitika kwa dozi hii, ila kidole ambacho damu yake tayari ni ya mashaka kisichomwe. Fentolamini iwepo karibu; ndiyo inayoondoa kazi ya adrenalini ncha ikibaki nyeupe kupita kiasi.

Hatua ya 4: kufungua na kuzipata ncha

Panua jeraha kwa mkato wa zigizaga, kona zake zikiangukia kwenye mistari ya viungo. Mkato ulionyooka ukikatiza mistari hiyo utaacha kovu linalovuta kidole.

Hapa ndipo habari ya namna alivyokatwa inapofaa. Kidole kilikuwa kimekunjwa kisu kilipoingia, kwa hiyo kano ilikatika mbele ya mahali palipokatika ngozi. Kidole kikinyooshwa, ncha ya mbele ya kano inakuwa mbali na kidonda, karibu na kucha zaidi. Usiitafute chini ya kidonda. Kunja kiungo cha ncha na itajitokeza kwenye dirisha la ala. Aliyekatwa kidole kikiwa kimenyooka, kwa mfano aliyeangukia kioo, ncha zake ziko chini ya kidonda chenyewe.

Ncha ya juu imekimbilia kiganjani. Kunja kifundo cha mkono na ukamue kiganja kuelekea vidoleni. Isipotokea baada ya jaribio moja au mawili, acha kuchokoa. Fungua sentimita mbili kiganjani nyuma ya A1, pete ya kwanza iliyo kwenye shina la kidole, utaiona kano pale. Pitisha mpira mwembamba wa kulishia mtoto kutoka kwenye kidonda cha kidole, ndani ya ala, hadi kiganjani. Ufunge kwenye kano kwa uzi, kisha uvute mbele. Kano ikifika, choma sindano ya geji 23 kupitia ngozi na kano ili isirudi tena. Ishike kwenye uso uliokatika tu. Kila alama ya koleo kwenye ubavu wa kano inaita kovu.

Hatua ya 5: kushona

Nguvu ya mshono inatokana zaidi na idadi ya nyuzi zinazovuka mahali palipokatika. Nyuzi mbili zinatosha kwa kidole kitakachokunjwa na mkono wa pili tu. Kwa mgonjwa atakayekunja kwa msuli wake mwenyewe, kiwango cha chini ni nyuzi nne, na hicho ndicho ninachokisimamia kwa kila mgonjwa wa zoni ya 2.

Tumia uzi usioyeyuka wa 3-0, au 4-0 kwa kano nyembamba. Ingia kwenye uso uliokatika, robo moja kutoka ubavuni, utokee milimita 10 nyuma yake. Vuka kano kwa upana ukishika nyuzinyuzi za pembeni ili uzi ujifunge hapo, kisha rudi kupitia ubavu wa pili hadi kwenye uso uliokatika. Fanya vivyo hivyo kwenye ncha ya pili, fundo libaki ndani. Hizo ni nyuzi mbili. Ongeza mshono wa pili wa umbo la U, wenye uzi wa 4-0, kupitia katikati ya kano, na sasa ni nne. Ile milimita 10 usiipunguze, kwa sababu uzi ulioshika milimita 4 au 5 tu unachana nyama ya kano na kuteleza.

Kaza mpaka ncha zigusane na zibonyeane kidogo sana, bila kujikunja kama mtutumko. Kisha zungushia mshono mwembamba wa 5-0 au 6-0 ukingoni kote. Unalainisha mahali pa kupita na kuzuia mwanya. Mwanya unaozidi milimita 3 ndio wa kuogopa: kano yenye mwanya huo hukawia kupata nguvu na hukatika kirahisi.

Kano ya juu ikiwa imekatika matawi yote mawili, mara nyingi nashona tawi moja na kuliondoa la pili, ili kano ya ndani ipate nafasi. Mshipa wa fahamu unashonwa kwa 8-0 au 9-0 chini ya miwani ya kukuzia. Kano iliyokatika chini ya nusu, isiyonasa kwenye pete, haihitaji mshono wa ndani. Punguza ncha zinazoning'inia na uanze mazoezi.

Hatua ya 6: mwambie akunje

Kabla ya kufunga ngozi, mgonjwa anakunja na kunyoosha kidole mara kadhaa huku ukitazama mshono. Unatafuta mambo mawili. Je, mwanya unafunguka? Je, mshono unagonga ukingo wa pete?

Kwa kijana wetu mshono ulipita vizuri chini ya A4 lakini ukakwama kwenye ukingo wa mbele wa A2. Alijua kabla yangu: "Dokta, kuna kitu kinanikwaruza humo." Nilifungua theluthi ya mbele ya A2, akakunja tena, kano ikapita. Pete ya A2 inaweza kufunguliwa hadi theluthi mbili, na A4 hata yote ikibidi, mradi pete nyingine ziko salama. Kuilinda pete nzima huku mshono unanasa chini yake ni kuandaa kano ikatike siku ya kwanza ya mazoezi.

Mwanya nao ukifunguka, toa mshono ushone upya. Dakika ishirini za ziada hapo ni nafuu kuliko upasuaji wa pili.

Hatua ya 7: siku tatu hadi tano za kutulia, kisha kazi

Mkono unainuliwa juu ya moyo mchana na usiku, na kidole hakisogezwi kwa siku 3 hadi 5. Uvimbe unashuka, damu inakoma kuvuja, na kano inapata wepesi wa kupita. Ukianza siku ya kwanza unalazimisha kano iliyovimba ndani ya ala iliyovimba. Ukichelewa kupita wiki, kovu limeshaanza kushika.

Siku hiyo ya kwanza ya mazoezi ndipo banzi la kudumu linapotengenezwa. Plastiki maalumu ya kuyeyusha kwa maji moto ikiwepo ni bora. Isipokuwepo, plasta ya kawaida inatosha: tabaka nane hadi kumi upande wa mgongo wa mkono, kutoka katikati ya mkono wa mbele hadi kupita ncha za vidole. Kifundo kiwe sawasawa au kimekunjwa nyuma kidogo, hadi digrii 30. Viungo vya shina la vidole vikunjwe digrii 30. Viungo viwili vya mbele viweze kunyooka kabisa mpaka kugusa banzi. Bandeji ifunguke upande wa kiganja wakati wa mazoezi. Banzi linazuia kidole kisinyooke kupita kiasi, na halizuii kisikunjike.

Kijana aliniuliza swali ambalo karibu kila mgonjwa huuliza: "Dokta, si bora niutulize kabisa mpaka upone?" Nikamjibu, "Mdogo wangu, ukiutuliza utapona, lakini kano itakuwa imegandana na ala. Tunaitembeza kidogo ili ipone ikiwa inapita." Mtaalamu wetu wa fiziotherapia akamshika kidole, akamwonyesha mbele ya mke wake, kisha akawaambia wote wawili wamrudishie walichokiona. Kwa mtu anayerudi Nansio kwa meli, mke huyo ndiye msimamizi wa mazoezi.

Utaratibu wa kila saa anapokuwa macho ni huu. Kwanza, kwa mkono wa kulia, akikunje kidole chote hadi kiguse kiganja na kukiachia, mara 10. Hii inalainisha viungo kabla kano haijafanya kazi. Kisha anyooshe viungo viwili vya mbele mpaka viguse banzi, mara 10. Ndipo akunje kwa msuli wake mwenyewe, vidole vyote pamoja, taratibu, hadi theluthi moja ya ngumi tu, na wiki ya pili hadi nusu ya ngumi. Mara 10. Asibane mwishoni, asishike kitu.

Nusu ya ngumi ina sababu. Nguvu inayohitajika kukunja kidole inapanda sana mwishoni, kano inapojipinda kwenye kona kali chini ya pete. Nusu ya mwanzo inatembeza kano vya kutosha kuzuia kovu, kwa mzigo ambao nyuzi nne zinaumudu.

Wiki ya 3 na ya 4 anaendelea hadi robo tatu ya ngumi, na kufikia wiki ya 6 ngumi kamili isiyo na mzigo. Banzi linavaliwa muda wote mpaka wiki ya 6, usiku pia. Mtu akilala hukunja ngumi bila kujua. Baada ya hapo kazi nyepesi zinaruhusiwa: kula, kuvaa, kuandika. Wiki ya 8 anaanza kubana sponji na kubeba vitu vyepesi. Ndoo ya maji, kuvuta nyavu, kuendesha pikipiki na kisu cha sangara vinasubiri wiki ya 12.

Mahudhurio tuliyompangia yalikuwa siku ya 4, kisha wiki ya 1, 2, 4, 6, 8 na 12. Katikati alituma video fupi kwa simu, kidole kikikunjwa kutoka ubavuni. Zile wiki tatu za mwanzo tulimwomba akae kwa shangazi yake Kirumba, na sikubali kwa urahisi mgonjwa avuke ziwa kabla hazijaisha.

Hatua ya 8: kutofautisha kilichokatika na kilichoganda

Wiki ya pili ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Maumivu yamekwisha, mgonjwa anajiona mzima, na ncha za kano zimelainika kuliko siku ya kushonwa. Mtu akidaka kitu kinachoanguka au akivuta mlango, husikia "tak", na ncha haikunjiki tena.

Lakini ncha isiyokunjika si lazima imekatika. Rudia kipimo cha kifundo: kikunje nyuma polepole. Kidole kikijikunja pamoja na wenzake, kano ipo, shida ni uvimbe au kovu. Kidole kikibaki kimenyooka, na mpangilio wa kulala umepotea, kano imekatika. Huyo arudi chumba cha upasuaji ndani ya siku chache. Ncha zikiwa bado nzuri, kano inaweza kushonwa tena. Akija baada ya miezi, njia iliyobaki mara nyingi ni ndefu: fimbo ya silikoni ndani ya ala kwanza, na miezi mitatu hivi baadaye kano ya kupandikiza.

Kovu linajulikana kwa tofauti ya vipimo viwili: kidole kinakunjika vizuri kwa kusaidiwa na mkono wa pili, lakini kikikunjwa kwa msuli wake kinaishia njiani. Mwaka wa kwanza una nafasi, kwa hiyo mazoezi yanaendelea. Kuikwangua kano kutoka kwenye kovu kunafikiriwa baada ya miezi 3 hadi 6, pale ambapo wiki kadhaa za mazoezi ya dhati hazijabadilisha vipimo.

Tatizo la tatu ni la kimyakimya: kiungo cha kati kinachobaki kimejikunja. Linatokana na mtu kukazania kukunja na kusahau kunyoosha. Likizidi digrii 20 kwenye wiki ya 6, tunaongeza banzi la kunyoosha usiku.

Hatua ya 9: andika namba

Pima kwa kipima pembe, kidole kikikunjwa kwa msuli. Jumlisha mkunjo wa kiungo cha kati na cha ncha, toa digrii zilizopungua kwenye kunyoosha, gawanya kwa 175, zidisha kwa 100. Asilimia 85 na kuendelea ni bora sana, 70 hadi 84 ni nzuri, 50 hadi 69 ni ya wastani, na chini ya 50 ni mbaya.

Wiki ya 6 kijana alikunja kiungo cha kati digrii 80 na cha ncha 30, huku kiungo cha kati kikipungukiwa na digrii 20 za kunyooka. Hiyo ni 90 kwa 175, asilimia 51. Kipimo cha kifundo kilionyesha kano nzima, kwa kusaidiwa kidole kiligusa kiganja, kwa hiyo lilikuwa kovu. Tuliongeza zoezi la kushikilia mfupa wa kati na kukunja ncha peke yake, na banzi la kunyoosha la usiku. Wiki ya 12 alifika digrii 95 na 50, akipungukiwa na 15: 130 kwa 175, asilimia 74.

Ubavu wa kidole ulikuwa bado una ganzi wakati huo, jambo la kawaida, kwani mshipa wa fahamu hukua takriban milimita moja kwa siku. Alirudi kazini akiwa na glavu ya nyuzi za chuma kwenye mkono wa kushoto, na maelekezo ya kukiangalia kidole hicho kwa macho kila jioni, kwa sababu kilikuwa kinaweza kuchomwa na mwiba bila yeye kuhisi.